Nepi, Pampasi na Bei ya Mtungi wa Maji

Wanangu mnaosubiri mtoto wa kwanza huku Eastlands, kila mara mnaniuliza, "Shangazi, pampasi au nepi?" kana kwamba jibu liko dukani. Mimi kabla ya kujibu nataka mniambie maji hutoka kwenye mfereji wenu siku ngapi kwa wiki, kamba ya kuanikia iko wapi, na nani atakuwa nyumbani mchana. Aliye Buruburu kwenye nyumba yenye uwanja na tangi, na aliye ghorofa ya tano Pipeline ambako kamba ya paa hugombaniwa na wapangaji wote wa ploti, hawawezi kupewa shauri moja.

Lakini tuanze na mtoto mwenyewe, maana wengi hununua kwa kumfikiria mtoto wa miezi minane. Kichanga wa kilo tatu hukojoa kidogo kidogo, mara nyingi. Ukikusanya mkojo wake wote wa mchana na usiku, wiki yake ya kwanza ikishapita, huenda usizidi kikombe kikubwa cha chai. Basi ile sifa ya pampasi inayotangazwa sana, kwamba inameza na kumeza bila kujaa, mtoto wenu haihitaji bado. Kinachomsumbua mama wa kichanga ni choo. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama hutoa choo cha manjano, chepesi kama uji, pengine kila baada ya kunyonya, na kikitoka kinatoka kwa kasi. Hakisubiri kunyonywa na kitambaa wala na pampasi. Kinatafuta upenyo, na upenyo uko mahali pawili tu: kwenye mapaja na mgongoni. Ndiyo maana kwa mwezi wa kwanza nasema tazameni kwanza inavyomkaa, uwezo wa kunyonya uje baadaye.

Pampasi ina uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Namba moja, ile ya wachanga, kwa kampuni nyingi ni ya kilo 2 hadi 5. Namba mbili huanzia kilo 3 au 4. Mtaani utamsikia mtu akishauri, "Chukua namba mbili, atakua." Atakua kweli, lakini leo ana miguu myembamba kama vidole vyako, na ile namba mbili itaacha mwanya pajani. Utabadilisha nguo zake zote mara tatu kwa siku, na hizo nguo nazo zinahitaji maji. Kwa upande mwingine, msinunue pakiti kubwa za namba moja mkaziweka kabatini. Mtoto hupungua uzito kidogo siku za kwanza, kisha akirudia uzito wa kuzaliwa, kwa kawaida kabla ya wiki mbili kwisha, huongeza gramu 150 hadi 200 kila wiki. Aliyezaliwa na kilo 3.2 anaweza kuwa amefika kilo nne na zaidi siku ya chanjo ya wiki sita. Pakiti iliyobaki mtaigawa kwa jirani.

Ukimvisha mtoto pampasi mpya, fanya mambo matatu. Mbele ikunje chini ya kitovu, kipande cha kitovu kipate hewa mpaka kikauke na kudondoka chenyewe. Kisha pitisha vidole viwili kati ya mkanda na tumbo: vikikwama umekaza, vikicheza umelegeza. Mwisho, pitisha kidole kuzunguka paja ukitoe nje kile kikunjo laini cha pembeni. Kikunjo hicho kikibaki kimejikunja kwa ndani, choo kitapita juu yake, na utailaumu kampuni bure. Kwa mvulana, elekeza uume chini kabla ya kufunga. Huwezi kuamini ni akina mama wangapi wamebadilisha aina ya pampasi kwa sababu ya tumbo kulowa, kumbe mtoto alikuwa anakojoa kuelekea juu.

Nepi ya kitambaa haina namba. Hapo ndipo ulipo uzuri wake kwa kichanga, ikiwa ni ile ya mraba ya zamani, kitambaa kimoja cha pamba cha sentimita 60 hivi kila upande, ambacho unakikunja kulingana na mtoto uliye naye mbele yako. Ikunje pembe tatu, kisha ukunje tena ule upande mrefu mpaka utoshe kiuno. Mvulana muongezee unene mbele, msichana katikati. Unapopitisha pini, weka vidole vyako kati ya nepi na ngozi ya mtoto, ili pini ikiteleza ikuchome wewe. Juu yake mvishe chupi ya plastiki. Lastiki ya mapajani isiache alama nyekundu inayokaa zaidi ya dakika chache, na kingo zote za nepi ziwe ndani. Kona moja ikichungulia nje, mkojo utafuata uzi mpaka kwenye shuka.

Sasa kuna zile nepi za kisasa zenye vifungo vya kubana, zenye mfuko wa ndani wa kuingiza pedi, zinazouzwa kwa maneno matamu kwamba mtoto atazivaa kuanzia kilo tatu hadi kilo kumi na tano. Ni nepi nzuri, sizikatai. Lakini kwa kichanga wa kilo tatu ni kubwa mno hata ukibana vifungo vyote. Inambinua kiuno akilala chali, na mapajani inaacha mwanya. Kwa watoto wengi huanza kukaa sawasawa wakipita kilo nne na nusu hivi. Tena pedi zake nene hazikauki upesi, na kitambaa chake cha nje cha kuzuia maji hakitaki kuchemshwa wala kusuguliwa kwa brashi. Anayewaletea zawadi kabla ya kujifungua, mwambieni kwa adabu alete nepi za mraba. Hizo za vifungo zingoje mwezi wa pili au wa tatu.

Mnasema bibi yenu Jericho ana nepi za zamani sandukuni. Zikubalini, pamba ya zamani huwa laini na hunyonya vizuri kuliko mpya. Lakini nuseni kwanza. Kama zimekaa na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, naftalini, msimvishe kichanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu katika chembe nyekundu za damu, na jambo hili halikosekani katika familia za Nyanza, Magharibi na Pwani. Naftalini huzivunja chembe zao na kuwatia manjano makali. Huwezi kumtambua mtoto wa namna hiyo kwa macho, na nepi zipo tele. Hizo zifanyeni matambara ya sakafu.

Nirudi kwenye kunyonya, maana nako kuna la kujifunza. Pamba hushika maji katikati ya nyuzi zake, ukiibana, yanatoka. Ndiyo sababu mtoto mwenye nepi akikaa mapajani mwako kwa saa mbili, gauni lako linalowa. Pampasi ina chembe nyeupe ndani, zilizoanza kutumika miaka ya 1980, ambazo zikikutana na mkojo hugeuka jeli na kuushika hata ukibanwa. Kwa usiku, kwa safari ya matatu, na kwa kupanga foleni Mama Lucy au Pumwani, jeli hiyo ni msaada wa kweli. Mtoto analala, na mama analala.

Ila jeli hiyo hiyo ndiyo inayotuponza mitaani kwetu. Kwa sababu pampasi haionyeshi kulowa, mtu aliyenunua mbili za rejareja asubuhi anaikalisha moja kutoka saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Choo kidogo kikiingia humo, kikachanganyika na mkojo, ngozi ya mtoto inaungua. Nikifungua pampasi ya mtoto na kukuta imevimba na kuning'inia, au nikaona vipande vya jeli vimeshika ngozini, najua imepita muda wake. Mabaka mekundu kwenye sehemu zinazogusa pampasi, huku mikunjo ya mapaja ikiwa salama, mara nyingi ni ya unyevu: badilisha mara kwa mara, osha kwa maji, acha akae wazi kidogo, paka mafuta ya kukinga. Wekundu ukiingia mpaka ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, huo huwa ni ukungu, na mafuta ya mgando hayauondoi. Mpelekeni kliniki apewe dawa. Vivyo hivyo wekundu wowote ambao haujapungua baada ya siku tatu.

Nepi nayo ina ugonjwa wake. Kuna siku utaona nepi nene, iliyofuliwa vizuri, inapitisha mkojo pembeni huku katikati iko kavu. Chukua kijiko cha maji umwage juu yake. Maji yakisimama kama matone badala ya kuzama, nyuzi zimefunikwa na mafuta. Yametoka wapi? Ama ni mafuta ya mgando unayompaka mtoto kwa wingi, ama ni ile dawa ya kulainisha nguo yenye harufu nzuri. Usiitumie kwenye nepi hata kidogo. Tiba ni kuifua kwa maji moto na sabuni ya kawaida, kisha kusuuza mpaka maji yasitoe povu. Na nepi inayonuka mkojo mkali asubuhi ingawa imefuliwa jana, hiyo haikusuuzwa vya kutosha.

Kitambaa kina faida moja ambayo wauza pampasi hawaitaji. Kinakuonyesha mtoto anavyonyonya. Siku ya kwanza analowesha nepi moja, ya pili mbili, na kuendelea hivyo mpaka kuanzia siku ya sita awe analowesha sita au zaidi kila siku. Zikipungua chini ya hapo, hapati maziwa ya kutosha, na si jambo la kusubiri tarehe ya kliniki. Kwa nepi unaona mara moja. Kwa pampasi, kichanga anaweza kukojoa matone na ukadhani kavu. Kama mnatumia pampasi wiki hiyo ya kwanza, tandazeni kipande kidogo cha pamba ndani mbele, mkiguse kila mnapofungua. Nyingine zina mstari unaobadilika rangi ukilowa; tumieni huo.

Haya, pesa. Nitawapigia hesabu ya vijana wawili wa Tassia, ghorofa ya nne, baba anaendesha boda boda, mama anauza nguo na amepumzika nyumbani. Bei nitakazotaja ni za hesabu hii. Nyinyi toeni zangu, wekeni za duka lenu, njia ni ileile.

Kichanga akibadilishwa inavyostahili anatumia pampasi tisa kwa siku, yaani 270 kwa mwezi. Za rejareja kwa shilingi 20 moja, zinafika shilingi 5,400. Za pakiti, ambako moja inatoka kwa 15, ni shilingi 4,050. Hapo mnaona maskini anavyolipa zaidi: aliyekosa pesa ya pakiti anatoa shilingi 1,350 za ziada kwa mwezi kwa kununua moja moja. Na akijaribu kuokoa kwa kutumia nne kwa siku, anazilipa kliniki kwa ngozi iliyochubuka.

Sasa nepi. Dazeni mbili za mraba kwa shilingi 100 moja ni 2,400. Chupi tano za plastiki, 500. Pini, 100. Jumla 3,000. Zitadumu zaidi ya mwaka, na mtoto wa pili atazikuta, lakini tuzigawe kwa miezi sita tu ili tusijidanganye: shilingi 500 kwa mwezi. Sabuni, 400. Mpaka hapo ni 900, na mtu angeweza kupiga makofi. Ndipo yanapokuja maji.

Nepi zinabadilishwa mara nyingi kuliko pampasi, kama kumi na mbili kwa siku. Kuzifua kwa mkono kunataka beseni la kusuuza choo na mkojo, beseni la sabuni, na mawili ya kusuuza sabuni. Ukibana sana, ni mitungi mitatu ya lita 20. Nairobi imeishi na ratiba ya mgao tangu mwanzoni mwa 2017, wakati bwawa la Ndakaini lilipopungua, na mitaa mingi yetu haijarudia kuwa na maji kila siku. Tuseme wale vijana wa Tassia wanapata ya mfereji nusu ya mwezi, na siku 15 wananunua mtungi kwa shilingi 20. Mitatu kwa siku 15 ni shilingi 900. Jumla yao ni shilingi 1,800 kwa mwezi, chini ya nusu ya bei ya pampasi za pakiti.

Mfereji ukikauka mwezi mzima, maji yanakuwa mitungi 90. Kwa shilingi 20 ni 1,800, na jumla inapanda hadi 2,700. Bado nepi ni nafuu. Lakini mnajua bomba likipasuka au mgao ukizidi, mwenye mkokoteni hauzi tena kwa 20. Mtungi ukifika shilingi 35, mitungi 90 ni 3,150, ukiongeza zile 900 unapata 4,050, bei ileile ya pampasi za pakiti. Ukipita hapo, mkafika 50, nepi ni shilingi 5,400, na mgongo wa mama umeumia bure. Basi shikeni hiyo 35 kama kipimo chenu. Aliye na bei nyingine ya pampasi afanye hivi: atoe gharama ya nepi na sabuni kwenye gharama ya pampasi za mwezi, kinachobaki akigawe kwa mitungi atakayonunua.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika, nayo ni mikono. Mkiita mama fua mara mbili kwa wiki kwa shilingi 400 kila mara, mmeongeza karibu 3,400, na nepi zimeshinda pampasi kwa ughali. Tena nepi zenye choo haziwezi kungoja siku tatu kwenye ndoo, zinaoza. Kwa hiyo nepi ni nafuu pale tu mtu wa nyumbani anapozifua mwenyewe. Mama aliyeajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa sheria ya ajira ya 2007, na hiyo miezi mitatu ndiyo inayofaa nepi. Mwenye kibanda chake sokoni hana wa kumlipa likizo; akirudi kazini wiki ya nne, na mtoto akaachwa kwa mlezi wa mtaani, mlezi huyo atadai pampasi, wala simlaumu. Na baba, sheria hiyohiyo imempa aliyeajiriwa wiki mbili. Huyu wa boda boda hana likizo, lakini ghorofa ya nne mitungi haipandi yenyewe. Kama hakuna wa kuipandisha, msimshauri mama atumie nepi, maana ametoka kujifungua jana.

Kufua kwenyewe kuna utaratibu. Choo chote, cha nepi na cha pampasi, kinatupwa chooni kwanza. Nepi chafu isuuze kwa maji baridi papo hapo; maji moto yakitangulia, doa la manjano linakamata. Iloweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, hasa kama kuna mtoto mwingine anayetambaa nyumbani, maana ndoo ya maji iliyo wazi imeua watoto. Fua kila siku kwa sabuni kidogo, na maji ya kusuuza ya mwisho yawekeni yawe ya kwanza ya kesho, au ya kumwaga choo. Madoa yanayobaki yaachieni jua, litayafifisha kuliko dawa ya klorini, ambayo isiposuuzwa vizuri inamchoma mtoto. Nepi ya mraba, kwa kuwa ni ya tabaka moja, jua la Januari linaikausha kabla ya alasiri. Julai, mawingu na baridi yakitanda, itachukua siku mbili, na kuikausha ndani ya chumba kimoja chenye jiko la makaa ni hatari kwenu nyote. Imalizieni kwa pasi.

Kuhusu taka niseme fupi. Pampasi haitupwi chooni wala mtaroni. Ikivimba kwenye bomba la ploti, kinyesi cha ghorofa sita kitafurika kwenu nyote, na fundi wa bomba hachangiwi kwa furaha. Ifunge, iende na vijana wa taka. Itaishia Dandora, ambako jaa limekuwapo tangu miaka ya 1970, na kwa upepo wenye moshi wakazi wa Kariobangi na Korogocho wanajua kinachoungua.

Basi mimi nawaambieni wale wa Tassia wafanye hivi, na wengi wenu mko kama wao. Siku mbili tatu za kwanza tumieni pampasi ndogo, pakiti moja ya namba moja, kwa sababu choo cha mwanzo ni cheusi na kinanata kama lami, na hospitalini hakuna pa kufulia. Mkirudi nyumbani, mchana nepi, usiku pampasi moja mpaka kunakucha isipokuwa amepata choo, na moja ya akiba ya kliniki au ibada. Hesabu yake ni pampasi mbili kwa siku, 900 kwa mwezi za pakiti. Nepi zinashuka hadi nane kwa siku, mitungi miwili, kwa siku 15 za kununua ni 600. Sabuni 300. Dazeni moja na nusu ya nepi na chupi nne, zikigawanywa kwa miezi sita, karibu 400. Jumla ni shilingi 2,200. Ni 400 zaidi ya nepi peke yake, na mama anapata usingizi wa saa tatu mfululizo. Ni pesa halali.

Maji yakiadimika, geuzeni mpango: pampasi mchana na usiku mpaka mtungi ushuke chini ya 35, kisha rudini kwenye nepi. Hakuna anayewadai mchague upande mmoja maisha yote. Msiuze nepi zenu kwa sababu ya wiki moja mbaya, na msizikimbilie nepi kwa sababu jirani wa Komarock mwenye kisima kwenye uwanja anazisifu.

Na aliyekosa maji, kamba na mtu wa kumsaidia, huyo anunue pampasi bila haya, ila za pakiti, akichangiana na jirani mwenye mtoto wa uzito huo huo kama pesa haitoshi, na ambadilishe mtoto mara tisa.

Wenye tarehe ya Januari, dazeni moja na nusu inawatosha. Wenye tarehe ya Juni au Julai, ongezeni dazeni moja sasa kabla ya tumbo kuwa zito.